Nukta nundu au Morse? Jinsi ya kutambua na kusoma nukta ulizoziona kwenye picha

Swali ni lilelile kila mara. Mtu anatuma picha ya boksi la dawa, au bangili ya shanga, au kibao cha kwenye lifti, halafu anaandika "wakuu hii imeandikwa nini?" Chini yake watu kumi wanajibu vitu kumi tofauti, mmoja anasema Morse, mwingine anasema breli, mwingine anaweka herufi ambazo hazina maana kabisa. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja yote, ili mtu akiuliza tena nimpe hii asome mwenyewe.

Kitu kimoja ushike tangu mwanzo: wengi wanakosea kwa sababu wanakimbilia jedwali la herufi kabla hawajajua picha imekaa upande gani. Jedwali ni kazi rahisi, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kazi yenyewe ni kujua ni mfumo gani, na juu ni wapi.

Unachohitaji

Picha yenyewe, ikiwezekana ile ya asili na sio skrinishoti ya skrinishoti, maana kila ikitumwa inapoteza ukali na nukta ndogo zinakuwa ukungu. Epu yoyote ya picha yenye kukata, kuzungusha, kugeuza kama kioo na kuongeza kontrasti, hata ile iliyokuja na simu inatosha. Karatasi na penseli. Na majedwali mawili niliyoweka huko chini. Usipakue epu ya kutafsiri kwanza, nyingi zinataka uingize nukta wewe mwenyewe, na ukiingiza vibaya zitakupa upuuzi kwa kujiamini sana.

Hatua ya 1: Hesabu mistari, sio nukta

Angalia nukta zimekaa kwenye safu ngapi kwenda chini. Nukta nundu, yaani breli, yale maandishi wasioona wanayoyasoma kwa kidole, inakaa ndani ya kisanduku kidogo chenye nafasi sita: mbili kwa upana, tatu kwa urefu. Kwa hiyo neno zima la breli lina safu tatu za nukta, hata kama baadhi ya nafasi ziko tupu. Nukta zote zina ukubwa mmoja na hakuna kistari hata kimoja.

Morse, ile alfabeti ya telegrafu ya nukta na vistari, ni kinyume chake. Iko kwenye mstari mmoja tu, na lazima kuwe na vitu vya aina mbili: kifupi na kirefu. Inaweza kuwa nukta na kistari, shanga ya duara na shanga ndefu, tundu la mraba na tundu la mstatili, chale fupi na chale ndefu, vyovyote vile, ila ni aina mbili na ni mstari mmoja.

Basi kanuni ni hiyo. Safu tatu na ukubwa mmoja, ni breli. Mstari mmoja na ukubwa wa aina mbili, ni Morse. Ukikuta safu nne za nukta huenda ni breli ya nukta nane inayotumika kwenye vifaa vya kompyuta, hiyo siingii humu.

Na kuna vitu vinavyofanana na hivi ila sio maandishi kabisa. Yale matuta ya duara kwenye njia za miguu na vituo vya treni ni ya kumwonya asiyeona kwamba mbele kuna barabara au ukingo, hayasomeki. Kale kanukta kwenye kitufe cha 5 cha simu ya vitufe ni ka kukuonyesha katikati ni wapi. Noti za plastiki za Kanada ndo zinadanganya wengi, zina vikundi vya nukta sitasita zilizoinuka kama breli, lakini sio herufi, ni alama za kutofautisha thamani ya noti tu. Kwa hiyo ukiona visanduku vyote vimejaa nukta sita na vinajirudiarudia, acha kutafuta neno.

Ikishajulikana ni breli endelea hatua ya 2. Kama ni Morse ruka mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 2 (breli): Hakikisha unaona vinundu na sio mashimo

Nukta za breli zimeinuka kama nusu milimita hivi, na kwenye picha unachokiona sio nukta ni kivuli chake. Hapo ndipo macho yanapodanganywa. Ubongo unadhani mwanga unatoka juu siku zote, sasa kama taa ilikuwa chini, kinundu kitaonekana shimo na shimo litaonekana kinundu. Tafuta kitu kingine kwenye picha hiyohiyo kikuonyeshe mwanga ulitoka wapi, ukingo wa boksi, kivuli cha kidole, chochote, ndo uamue.

Kwanini ni muhimu? Kwa sababu mashimo maana yake unaangalia kwa nyuma. Ukifungua boksi la dawa na kupiga picha upande wa ndani, au ukipiga mgongo wa karatasi ya breli, kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo. Kuna karatasi pia zimeandikwa pande zote mbili, hizo zina vinundu na mashimo vimechanganyikana, na unatakiwa usome vinundu tu, mashimo ni ya ukurasa wa nyuma.

Kama kitu unacho mkononi, piga picha upya: zima flashi, chukua tochi ya simu nyingine uilaze ubavuni karibu kugusa karatasi, mwanga utambae juu yake. Nukta ambazo zilikuwa hazionekani kabisa zitatoka na vivuli vyake. Flashi ya mbele kwa mbele ndo adui namba moja wa picha za breli, inafuta kila kitu.

Hatua ya 3 (breli): Chora visanduku

Hapa ndo wengi wanaanguka, nenda pole pole. Kwenye boksi la dawa, nukta mbili za kisanduku kimoja zimeachana kama milimita 2.5. Kutoka kisanduku kimoja hadi kingine ni kama milimita 6. Sasa toa, 6 kutoa 2.5 inabaki 3.5, ndio umbali kati ya safu ya kulia ya herufi hii na safu ya kushoto ya herufi inayofuata. Umeona? 2.5 na 3.5 zinakaribiana sana, kwa jicho la haraka unaweza kuchukua nusu ya herufi hii ukaiunganisha na nusu ya ile, na ukishafanya hivyo mara moja neno zima linaharibika kuanzia hapo.

Vuta picha karibu, kisha weka alama ya mstari wa wima kwenye kila safu yenye nukta. Angalia nafasi kati ya mistari. Nafasi ndogo kabisa ni ndani ya kisanduku kimoja. Iliyo kubwa kidogo ni mpaka kati ya visanduku viwili. Na ukikuta nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ndogo, ujue kuna herufi yenye nukta upande mmoja tu, kama a, ambayo ni nukta moja peke yake, upande wake wa pili uko tupu. Nafasi kubwa zaidi ya hapo ni kisanduku kitupu, yaani kuachana kwa maneno.

Ukishapata kisanduku kimoja unachokiamini, chukua kipande cha karatasi, weka alama mbili, moja kwenye safu yake ya kushoto na nyingine kwenye safu ya kushoto ya kisanduku kinachofuata, na usogeze hatua kwa hatua kwenye mstari wote. Picha ikiwa imepigwa kwa mshazari umbali utapungua kuelekea upande mmoja, hivyo inyooshe kwanza kwenye epu ndo uanze kupima.

Hatua ya 4 (breli): Andika namba za nukta, usiandike herufi bado

Nafasi za kisanduku zinahesabiwa hivi, kushoto kwanza kutoka juu kwenda chini, halafu kulia:

```
1 4
2 5
3 6
```

Kwa kila kisanduku andika namba za nukta zilizopo tu. Ukiona juu kushoto na juu kulia, andika 14. Ukiona safu yote ya kushoto, andika 123. Usijali herufi kwa sasa. Najua inachosha lakini namba ndizo zitakazokuonyesha kama picha imegeuka, na hutalazimika kurudi kukodolea picha tena.

Sasa kipimo cha upande, hiki kikariri. Kwenye maandishi yaliyokaa sawa, kisanduku chenye nukta moja peke yake mara nyingi ni herufi a, na nukta hiyo iko namba 1, juu kushoto. Kiswahili kimejaa a, Kiingereza nacho hakikosi. Kama nukta zako za upweke zote ziko namba 4, picha imegeuzwa kama kioo. Kama ziko namba 6, picha iko kichwa chini. Kama ziko namba 3, imepinduliwa juu chini. Zungusha au geuza picha, kisha anza upya. Angalizo tu, nukta 6 peke yake mbele ya neno kwenye Kiingereza ni alama ya herufi kubwa, kwa hiyo ukiiona mara moja mwanzoni usikurupuke, angalia kama inajirudia katikati ya maneno.

Hatua ya 5 (breli): Geuza namba kuwa herufi

Hutakiwi kukariri herufi 26. Kariri kumi za kwanza, zilizobaki zinazaliwa humo.

```
a 1     f 124
b 12    g 1245
c 14    h 125
d 145   i 24
e 15    j 245
```

Herufi k mpaka t ni hizohizo kumi ukiongeza nukta 3. Kwa hiyo k ni 13, l ni 123, m ni 134, n ni 1345, o ni 135, p ni 1234, q ni 12345, r ni 1235, s ni 234, t ni 2345. Kisha u, v, x, y na z ni a, b, c, d, e ukiongeza 3 na 6: u 136, v 1236, x 1346, y 13456, z 1356. W imekaa nje ya foleni, ni 2456, kwa sababu Louis Braille alikuwa Mfaransa na mfumo wake wa 1829 ulifuata alfabeti ya Kifaransa ya wakati huo, ambayo w haikuhesabiwa. Ilichomekwa baadaye.

Namba hazina nukta zake. Zinatumia a mpaka j, ila mbele yake inawekwa alama ya namba ambayo ni 3456. Baada ya alama hiyo a ni 1, b ni 2, inaenda hivyo mpaka i ni 9 na j ni 0.

Tuchukue mfano mzima. Boksi za dawa zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya huwa na breli, maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004 inataka jina la dawa liandikwe hivyo kwenye boksi, na dawa hizo nyingine zinafika mpaka huku kwetu au zinaletwa na ndugu walioko nje. Tuseme umepiga picha boksi lenye mistari miwili, ukaandika namba hizi:

```
1234 1 1235 1 14 15 2345 1 134 135 123
3456 15 245 245
```

Mstari wa kwanza: 1234 ni p. 1 ni a. 1235 ni r. Halafu a tena, 14 ni c, 15 ni e, 2345 ni t, a, 134 ni m, 135 ni o, 123 ni l. Paracetamol. Mstari wa pili unaanza na 3456 kwa hiyo kinachofuata ni namba: 15 ni e yaani 5, 245 ni j yaani 0, na 0 nyingine. 500. Anayeruka alama ya namba anasoma "ejj" halafu anakuja kuuliza ejj ni dawa gani.

Sasa angalia boksi hilohilo likipigwa picha kwa ndani. Kisanduku cha kwanza kushoto kitakuwa l iliyogeuka, yaani 456. O inakuwa 246, m inakuwa 146, na zile a tatu zote zinakuwa nukta 4 peke yake. Hapo kipimo chetu kinakwambia moja kwa moja, geuza kioo. Mtu ambaye hakupima ataona r imekuwa 2456 atasema hii ni w, ataona e imekuwa 24 atasema hii ni i, na atapata baadhi ya herufi halali kabisa zilizokaa kwenye neno lisilokuwepo duniani. Jozi zinazobadilishana kwenye kioo ni e na i, d na f, h na j, r na w. Ukiona neno linakaribia kuwa neno lakini herufi hizi ndo zinaharibu, umesoma nyuma.

Hatua ya 6 (Morse): Tafuta kifupi, kirefu, na nafasi

Kwenye Morse sanifu kistari kina urefu wa nukta tatu. Nafasi kati ya alama za herufi moja ni sawa na nukta moja, kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kati ya neno na neno ni nukta saba. Kwenye picha vipimo hivi havifuatwi kwa usahihi, mafundi wa bangili na wachora tatuu wanaweka wanavyojisikia, ila nafasi kati ya herufi lazima iwe kubwa kuliko nafasi ndani ya herufi, la sivyo hakuna anayeweza kusoma. Kwenye shanga nafasi inakuwa shanga ya rangi nyingine au kakipande ka uzi mtupu. Tafuta hicho kwanza kabla hujatafuta chochote.

Kwa nini nang'ang'ania nafasi? Chukua ile maarufu, nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu. Kila mtu anasema SOS. Lakini bila nafasi, alama hizohizo tisa kwa mfululizo uleule zinaweza kuwa `.. .--- ...` ambayo ni IJS, au `...- - -...` ambayo ni VTB. Morse bila nafasi sio maandishi, ni kitendawili. Kama picha haina nafasi kabisa, jibu lako litakuwa la kukisia na umwambie hivyo aliyekuuliza.

Hatua ya 7 (Morse): Andika kwenye karatasi

Andika nukta kama `.` na kistari kama `-`, acha nafasi kati ya herufi, na weka mkwaju `/` kati ya maneno. Andika mstari wote kabla ya kufungua jedwali. Ukianza kutafsiri ukiwa njiani, ubongo utaanza kutabiri neno na jicho litaona kistari ambacho hakipo.

Hatua ya 8 (Morse): Tafsiri

```
A .-     J .---   S ...
B -...   K -.-    T -
C -.-.   L .-..   U ..-
D -..    M --     V ...-
E .      N -.     W .--
F ..-.   O ---    X -..-
G --.    P .--.   Y -.--
H ....   Q --.-   Z --..
I ..     R .-.
```

Namba zote zina alama tano: 1 ni `.----`, 2 ni `..---`, inaongezeka nukta mpaka 5 ni `.....`, kisha 6 ni `-....` na kuendelea, vistari vinaongezeka mbele mpaka 0 ambayo ni `-----`. Ukikuta kundi lenye alama tano na halimo kwenye herufi, jaribu namba.

Mfano ambao mi naupenda ni wa picha halisi kabisa, na haukupigwa hata duniani. Gari la utafiti Curiosity lililotua Mirihi Agosti 2012 lina matundu kwenye magurudumu yake, mengine ya mraba na mengine marefu, na kila gurudumu likizunguka linaacha alama ileile kwenye mchanga. Picha za nyayo zake zipo, utaona michirizi ya kawaida ya tairi, halafu ghafla kuna sehemu yenye vifupi na virefu. Ukiandika unapata:

```
.--- .--. .-..
```

`.---` ni J, `.--.` ni P, `.-..` ni L. JPL, kifupi cha jina la maabara ya NASA iliyolitengeneza. Sio mbwembwe tu, alama inajirudia kila mzunguko mmoja wa gurudumu kwa hiyo kamera inaweza kupima gari limesogea kiasi gani hasa, na kama magurudumu yanateleza mchangani itajulikana.

Sasa tazama picha hiyohiyo ukiwa umeishika kichwa chini. Unachosoma kinakuwa `..-. .--. ---.` yaani F, P, halafu kundi la tatu halimo kwenye jedwali. Hicho ndicho kipimo cha upande cha Morse.

Hatua ya 9 (Morse): Jaribu kusoma kinyume

Morse haina juu wala chini. Bangili haina mwanzo. Kwa hiyo baada ya kusoma kushoto kwenda kulia, soma pia kulia kwenda kushoto, kila mara, hata kama jibu la kwanza limekuridhisha. A ikigeuzwa inakuwa N, D inakuwa U, B inakuwa V, G inakuwa W, F inakuwa L, Q inakuwa Y. Nyingine kama S, O, R, K, P na X zinabaki vilevile, ndio maana SOS haijali umeishika vipi. C, J na Z zikigeuzwa hazina herufi kwenye jedwali letu, kwa hiyo kundi lisilosomeka ni dalili nzuri kwamba uko upande mbaya.

Mtu akikuletea bangili ukasoma `-. -- -. --` ukapata NMNM, usimwambie ni herufi za majina ya watu, igeuze kwanza. `-- .- -- .-`, MAMA.

Mbona haifanyi kazi?

*Breli imesomeka ila kuna visanduku havimo kwenye herufi.* Mara nyingi ni vifupisho. Breli ya Kiingereza ya vibao, hasa Marekani, inafupisha maneno na silabi: 2346 ni "the", 12346 ni "and", 346 ni "ing", 146 ni "sh", 16 ni "ch". Au ni lugha nyingine kabisa, kwa Kifaransa 123456 ni é wakati kwa Kiingereza alama hiyohiyo ni neno "for". Kwa hiyo kabla ya kulaumu picha angalia maandishi ya wino yaliyo jirani ujue ni lugha gani.

*Kibao kimetoka Oman au Dubai, nisome kutoka kulia?* Hapana. Breli ya Kiarabu inasomwa kushoto kwenda kulia kama nyingine, hata kama maandishi ya wino juu yake yanaenda kinyume. Na herufi nyingi zimefuata sauti, alifu ni 1, ba ni 12, ukijua breli ya kwetu utaambulia kitu.

*Nukta za breli zimechapwa bapa kwenye bango au fulana.* Inasomeka kwa njia ileile, na ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna vivuli. Tatizo ni kwamba wabunifu huwa wanazisambaza ili zipendeze, nafasi kati ya visanduku inapotea, hapo itabidi ujaribu kuanza kuchora visanduku kutoka safu ya kwanza, ikigoma anza kutoka ya pili. Na wasioona hawanufaiki nayo chochote, basi tu.

*Ni kitufe cha lifti, nimepata herufi b peke yake.* Angalia kushoto kama kuna 3456. Kama ipo ni ghorofa ya 2. Kama haipo inaweza kweli kuwa b ya "basement", yaani ghorofa ya chini ya ardhi. Alama ya namba mara nyingi imechakaa kwa kuguswa, au imekatwa na aliyepiga picha.

*Ni picha ya taa inayowaka na kuzima.* Haisomeki. Picha moja inashika kitambo kifupi tu cha ujumbe, unahitaji video, na kwenye video unaandika muda wa kuwaka badala ya urefu.

*Morse yangu imetoka kwenye picha ya zamani ya telegrafu ya Marekani na jedwali halikubali.* Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na Morse yao, ambayo baadhi ya herufi zina nafasi ndani yake na L ni kistari kimoja kirefu kuliko cha kawaida. Jedwali la juu ni la kimataifa. Tafuta la Morse ya Kimarekani, lipo tofauti.

*Vyote vifupi, hakuna kirefu hata kimoja.* Inaweza kuwa herufi H, I, S na E au namba 5, ambazo zote ni nukta tupu, lakini uwezekano mkubwa ni kwamba vistari vimefichwa na ukungu wa picha au sio Morse kabisa. Omba picha ya pili kutoka upande mwingine, na mwambie aliyetuma azime flashi.